Sekanti ya Tatu ya Mwalimu Elifuraha

Niseme ukweli kabla sijasemewa na wengine: kile kikaratasi nilikiandika mimi. Hapa Ngarenaro wapo wanaosema wanafunzi ndio waliomwaibisha mzee wa watu. Waongo wakubwa. Wanafunzi walifanya walichofundishwa. Aliyeharibu ni mimi, Fransiska, mwalimu wa fizikia, niliyejifanya nina huruma.

Mwalimu Elifuraha ni Mmeru wa Tengeru. Amefundisha hesabu za kidato cha tano na cha sita miaka thelathini na moja, na mimi nimepita mikononi mwake. Alipostaafu hakukaa hata mwezi mmoja nyumbani. Alipata chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, akaweka ubao, akafungua twisheni, akaniita nije nishike fizikia. Kila asubuhi alitoka Tengeru na koti lake la kijivu, mifuko yote imejaa vumbi la chaki. Mkewe, Mama Anande, aliwahi kuniambia waziwazi: "Mwanangu, huyu mzee ule ubao ndio unaomweka hai. Siku wakimnyang'anya, ameisha."

Alikuwa na sheria moja tu, na hiyo sheria ilimfanya ajulikane mji mzima. Hakuna kukariri fomula. Ukienda ubaoni ukaandika fomula bila kuonyesha ilikotoka, darasa zima linakupigia kelele: "Imetokaje?" Usipoweza kujibu, unafuta, unarudi kukaa. Yeye mwenyewe hakujiepusha. Mara nyingine aliandika fomula makusudi, akageuka, akasubiri. Wasipouliza, aliwatukana kwa Kimeru na Kiswahili. "Nguo ya kuazima haisitiri matako! Fomula usiyojua imetokaje ni ya kuazima, itakuvuka mbele ya msimamizi wa mtihani."

Mada aliyoipenda kuliko zote ni kuintegreti vipeo vya sekanti na tanjenti. Tanjenti alisema ni ngazi. Unachomoa tanjenti ya pili, yaani yenye kipeo cha pili, unaiandika sekanti ya pili toa moja, sehemu moja inaintegretika palepale, nyingine inashuka vidato viwili, na unaendelea hivyo mpaka chini. Sekanti yenye kipeo shufwa nayo haina maneno: weka kando sekanti ya pili moja, zilizobaki zigeuze kuwa tanjenti, kazi imekwisha. Shughuli iko kwenye kipeo witiri, na mama yao wote ni sekanti ya tatu.

Hiyo lazima uigawe sehemu mbili: sekanti huku, sekanti ya pili kule. Ya kwanza unaidifarenshieti, ya pili unaiintegreti inakuwa tanjenti. Unapata sekanti mara tanjenti, toa integrali ya sekanti mara tanjenti ya pili. Hapo tanjenti ya pili unaigeuza, unafungua mabano, na lo! Sekanti ya tatu imerudi, ileile uliyoanza nayo, sasa ina alama ya kutoa mbele yake. Mwanafunzi mgeni hapo hukata tamaa, anadhani amezunguka bure. Mzee alikuwa anacheka mpaka machozi. "Amerudi nyumbani huyo! Mbona mnamshangaa kama mgeni? Mtambueni, mvusheni upande wa pili wa sawasawa." Ukimvusha, kushoto wanakuwa wawili, kulia inabaki sekanti mara tanjenti jumlisha integrali ya sekanti, ambayo ni logi. Unagawa kwa mbili. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa na miaka kumi na minane, na nakwambia nilipiga makofi kama mtu aliyeona mpira umeingia wavuni.

Sasa Februari hii, miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa, nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa nasahihisha madaftari. Mzee yuko ubaoni na sekanti ya tatu. Akaiita I, kama kawaida yake. Akagawa sehemu vizuri. Akageuza tanjenti ya pili vizuri. I ikarudi na alama yake ya kutoa. Nikainua kichwa nisikie kile kicheko.

Hakucheka. Aliitazama. Kisha akaanza kuigawa sehemu upya, sekanti huku, sekanti ya pili kule.

Nikadhani anawatega. Wanafunzi nao wakadhani hivyo, wakatulia na kalamu zao. Mzee akaandika mistari minane, bila kosa hata moja la alama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba mkono ulikuwa haujasahau chochote. Sekanti mara tanjenti ya juu ikafutana na ya chini. Logi ikafutana na logi. Mwisho kabisa kwenye ubao ikabaki: I = I.

Akasimama hapo. Nje grainda ilikuwa inakata vyuma. Akachukua kifutio, akafuta yote, akaanza tena. Ikatoka I = I tena. Alipogeuka, jasho lilikuwa linamtoka na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Nikainuka haraka, nikasema muda wa fizikia umefika. Haukuwa umefika.

Nilimfuata nje. "Shikamoo, Mwalimu. Umechoka?"

"Marahaba. Sijachoka." Akanishika mkono. "Fransi, kuna mtu anarudi pale katikati. Namwona anarudi. Simjui ni nani."

Jamani. Mwenye akili zake angekwenda siku hiyohiyo kwa Mama Anande, wakampeleka mzee hospitali, wakawaambia wanafunzi kwa heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimelisikia hilo neno tangu utotoni. Lakini mimi nikamkumbuka Mama Anande na maneno yake ya ubao, nikaona nikisema tu ndio nimemzika. Wiki iliyofuata alikuwa afundishe fomula ya jumla, ile inayoshusha sekanti ya kipeo n hadi ya n toa mbili. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaandika kwa herufi kubwa:

(n − 1) Iₙ = secⁿ⁻²x tan x + (n − 2) Iₙ₋₂

"Weka mfukoni, Mwalimu," nikamwambia. "Ukikwama, andika hii halafu wape maswali. Ukiweka n kuwa tatu utapata ileile ya juzi."

Akaisoma polepole. Nilitegemea anitukane. Mzee yule wa zamani angeichana mbele yangu na kunifukuza. Akaikunja mara mbili, akasema, "Asante, mwanangu." Asante hiyo ilipaswa kunishtua, lakini mimi nilifurahi, mpumbavu mimi.

Jumatatu darasa lilijaa. Mzee akaanza kwa tanjenti ya tano, akashuka ngazi yake safi mpaka logi ya sekanti. Nikashusha pumzi. Akaja kwenye sekanti ya nne, akaimaliza kwa mistari mitatu. Kisha akaandika sekanti ya kipeo n, akasimama. Mkono ukaingia mfukoni. Akatoa karatasi, akaificha kiganjani kama mwanafunzi anayeibia mtihani, akainakili ubaoni, herufi kwa herufi. Akapiga mstari chini yake.

Nikaanza kuomba Mungu wakae kimya.

Kulikuwa na binti mmoja, Naipanoi, kutoka Nduruma, ndiye wa kwanza darasani na ndiye aliyempenda mzee kuliko wote. Alimwona amegeuka, ameinyamazia fomula, akafikiri ni ule mtego wake wa siku zote. Akatabasamu, akainua mkono, akauliza kwa furaha kabisa: "Mwalimu, imetokaje?"

Na darasa lote, vijana arobaini, wakapokea kwa sauti moja wakigonga meza: "Imetokaje? Imetokaje?"

Mzee aliitazama fomula. Akaitazama karatasi. Hajawahi kusema uongo ubaoni na hakuanza siku hiyo. "Imetoka kwa Fransiska," akasema.

Wakacheka mpaka madawati yakasogea. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakucheka. Akamnyooshea Naipanoi chaki. "Njoo wewe. Nionyeshe."

Mzee akaja kukaa kwenye dawati la mbele, mahali pa yule binti, mikono juu ya meza. Kicheko kikaisha chenyewe. Naipanoi akaandika bila haraka, akiongea kama yeye mzee anavyoongea. Sekanti ya n toa mbili huku, sekanti ya pili kule. Tanjenti ya pili akaigeuza. Iₙ ikarudi, imebeba kutoa n toa mbili. "Amerudi nyumbani huyu," akasema, "tumvushe." Akaivusha. Kushoto moja ikaongezwa n toa mbili, ikawa n toa moja. Fomula ikasimama pale, sawasawa na ya kwenye karatasi yangu.

Mzee alikuwa ameinama mbele, uso umemng'aa. "Vizuri sana! Nzuri mno!" Akapiga makofi. "Binti, hii umefundishwa na nani?"

Naipanoi akashusha chaki.

"Na wewe, Mwalimu," Naipanoi akasema. "Mwezi wa kumi, ulipotudokeza."

Mzee akamwangalia kwa ukali kidogo, ukali wa mtu mzima anayefanyiwa dhihaka na mtoto. "Usinitanie, binti. Mimi ndiyo kwanza naiona leo."

Naipanoi akaanza kulia palepale ubaoni, chaki mkononi. Mzee akainuka, akajipangusa koti, akatuaga wote kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa, akatoka. Nikampeleka Tengeru mwenyewe. Njiani aliniuliza mara tatu kama nyumbani kwetu ni Kibosho. Nikajibu mara zote tatu.

Mtihani ulipita. Twisheni sasa naiendesha mimi na kijana mmoja wa hesabu. Naipanoi hakuwahi kukaa tena lile dawati la mbele, na sikumlazimisha.

Mwezi wa saba nilikwenda kumwona mzee. Alikuwa amekaa nje na koti lake la kijivu. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri, akamuuliza mkewe huyu mama ni wa ushirika gani wa kanisa. Mama Anande akanivuta ndani. Kila asubuhi, akasema, mzee anavaa koti anadai amechelewa kipindi, na yeye kila asubuhi anamwambia shule zimefungwa. Kisha akafungua kabati, akatoa karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa.

"Hii anatembea nayo. Analala nayo. Nimeitoa mfukoni nifue koti, akanililia kama mtoto. Ni mwandiko wa nani huu wa juu?"

Nikaipokea. Juu ilikuwepo fomula yangu, herufi kubwa. Chini yake, kwa penseli, mzee alikuwa ameandika: Imetokaje? Halafu mistari, midogo midogo, mbele na nyuma, mpaka pembeni hapakubaki nafasi. Nikaifuata yote, kama alivyonifundisha. Hakuna alama iliyokosewa. Kila jaribio lilifika palepale anaporudi yule mtu, likamgawa upya, likaishia I = I.

"Ni mwandiko wangu, mama," nikamwambia.

Akanitazama. "Basi mrudishie," akasema. "Ameshaanza kuitafuta."