Sahani ya Kitanda cha Nne

Edah Mideva alipika shule ya msingi moja huko Shinyalu kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuandika sahani ambayo haikuliwa. Mwalimu mkuu mmoja alimwomba aongeze watoto arobaini kwenye daftari la jikoni siku ambazo mvua iliwafanya wengi wabaki nyumbani. Edah akamwambia kwamba sufuria yake haijui kusema uongo. Kwa neno hilo alinuniwa muhula mzima, na sherehe ya kufunga mwaka hakualikwa. Alistaafu na sufuria moja ya zawadi, daftari lake la mwisho, na tabia ya kuhesabu vitu ambavyo watu wengine huvila tu.

Ndiyo maana, Jumatatu moja ya mwezi wa pili, alisimama mbele ya dirisha la malipo la kliniki moja ya binafsi mjini Kakamega, akiwa ameshika risiti iliyokunjwa mara nne. Juma lililotangulia alikuwa amelazwa hapo kwa nimonia, tangu Jumanne mchana hadi Ijumaa mchana. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, haikuwa imelipiwa mwaka huo, kwa hiyo bili ililipwa taslimu. Aliyelipa ni mwanawe Wesley, aliyeko Nairobi, kwa simu, baada ya kutajiwa jumla tu. Risiti ilikuwa na mistari mitatu: dawa, wodi, na huduma nyingine. Hiyo ya tatu ilikuwa shilingi elfu sita na mia mbili.

"Huduma nyingine ni nini?" aliuliza.

Karani alikuwa msichana aitwaye Cindy, mwenye kucha ndefu na adabu nzuri. "Ni vitu vidogo vidogo, mum. System inavijumlisha pamoja."

"Mimi nilikuwa mpishi, mwanangu. Nikiandika 'vitu vingine' kwenye daftari la stoo, nilikuwa naitwanga ofisini. Nataka vitu vyenyewe, kimoja kimoja, na siku yake."

Cindy hakubishana. Alisema mgonjwa ana haki ya kupewa mchanganuo wa bili yake, ila watu hawaombi. Akabonyeza bonyeza, mashine ikatema karatasi mbili. Edah alivaa miwani yake, iliyofungwa uzi upande mmoja, akaanza kusoma kwa kidole.

Kufungua faili na vifaa vya sindano, mia tano. Hizo alizikubali. Picha ya tumbo, elfu mbili na mia nne. Hapo alicheka kidogo, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kifuani na tumbo lake halikuguswa na mtu. Kisha akafika mistari miwili ya chini. Kitanda cha msaidizi wa mgonjwa, siku tatu, elfu moja na mia tano. Chakula cha msaidizi, sahani tisa, elfu moja na mia nane.

Kicheko kiliisha, kwa maana alijua mistari hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Siku ile ya Jumanne alikuja kwa bodaboda peke yake, akiwa amejifunga leso mbili na kushikilia jaketi ya dereva asianguke. Muuguzi wa mapokezi alimuuliza swali ambalo huku kwetu huulizwa kila mgonjwa kabla hata ya jina la ugonjwa: "Una mtu?" Maana yake ni, nani atakaa nawe, nani atakupa maji usiku, nani ataitwa. Nyuma ya Edah kulikuwa na foleni, na kila aliyekuwa kwenye foleni hiyo alikuwa na mtu. Mzee mmoja aliyeumwa mguu alikuwa na watu watatu. Edah aliona aibu, aibu ile ya kuonekana umezaa na kuzika mume na kuishi na watu miaka sitini na moja, halafu huna wa kukushikia kikombe. Akasema, "Niko naye. Anakuja." Muuguzi akaweka alama kwenye fomu, na alama ile ikaingia kwenye kompyuta, na kompyuta, ambayo haina macho, ikaanza kumtoza kitanda na chai ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Ijumaa jioni Wesley alipompigia, aliuliza swali hilo hilo. "Lakini ulikuwa na mtu huko, mama?" Na Edah akajibu, "Nilikuwa naye." Alisikia mwanawe akishusha pumzi.

"Mum?" Cindy alikuwa akimtazama. "Kuna shida?"

"Hii picha ya tumbo sikupigwa," alisema Edah. Kidole chake kiliteremka hadi mistari ya chini. "Na huyu msaidizi hakuwepo."

Kurekebisha bili si kufuta kwa kifutio. Cindy alipiga simu wodini, na msimamizi wa wauguzi, Sista Chepng'etich, akateremka na faili la Edah kwapani. Ile ya picha ya tumbo ilimchukua dakika mbili. Faili halikuwa na ombi la daktari wala majibu, na picha yenyewe ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha tano, iliyoandikwa kimakosa kwa kitanda cha nne, cha Edah. Sista aliomba radhi na kutia sahihi.

"Lakini msaidizi yuko kwa fomu," alisema. "Hapa kuna alama, na ulisema mwenyewe kwamba unaye. Siwezi kutoa bila ushahidi, mama. Mkaguzi ataniuliza."

"Ushahidi wa mtu ambaye hakuwepo?"

"Ndiyo."

Tazama sasa kazi aliyopewa mwanamke huyu. Mtu aliyetembelewa ana jina la kutaja. Asiyetembelewa atashika nini mkononi aonyeshe? Walianza na kitabu cha wageni cha langoni. Cindy alishusha ukucha wake kwenye kurasa za siku nne, akisoma namba za vitanda kwa sauti ya chini. Kitanda cha tatu, cha tatu, cha tano, cha kwanza, cha tano, cha tano. Edah alisimama akisikiliza kama mtoto anayengoja jina lake lisomwe kwenye matokeo, huku akijua fika kwamba halitasomwa. Hata hivyo alingoja, na hilo ndilo lililomuuma. Labda jirani yake Mitchel alipita akamkuta amelala, alijiambia, ingawa Mitchel alikuwa akiwalisha kuku wa Edah siku zote hizo, akidhani yeye ameenda Nairobi kwa mwanawe. Edah ndiye aliyemwacha adhani hivyo.

Cindy alifunga kitabu.

"Kitabu hakitoshi," alisema Sista, sasa kwa upole. "Msaidizi anayelala ndani anaweza kuwa aliingia nawe, hakuandikwa."

"Basi twende jikoni," alisema Edah. "Sahani hazidanganyi."

Jikoni kulikuwa na mzee Andati, mpishi, aliyekuwa akisonga ugali, obusuma kwa Kiluhya, kwa mwiko mrefu. Ukutani kulining'inia daftari lenye madoa ya mafuta. Kila mlo, kijana wake wa jikoni hupita vitandani akihesabu walioko, na Andati huandika kabla ya kupakua.

"Mimi siangaliangi kalatasi ya ofisi," alisema Andati. "Mimi naangalianga vichwa. Obusuma inaliwa na mtu, hailiwi na fomu."

Edah alimpenda papo hapo. Walifungua Jumanne mchana. Kitanda cha nne, moja. Jumanne jioni, moja. Jumatano asubuhi, moja. Andati alisoma yote tisa, na kila aliposema "moja" Edah aliitikia kwa kichwa, kwa maana alizikumbuka sahani hizo, na kijiko kimoja, na kiti cha plastiki kilichokaa tupu kando ya kitanda hadi watu wa kitanda cha tano walipokiomba.

"Ulikuwa peke yako kabisa, mama?" aliuliza Andati. Hakuuliza kwa ubaya.

"Kabisa," alisema Edah. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilosema juu ya jambo hilo, na lilitoka kwa urahisi kuliko alivyodhani.

Walirudi dirishani. Cindy alichapa maelezo mafupi: mgonjwa hakuwa na msaidizi kwa muda wote aliolazwa. Sista akatia sahihi, akabakiza nafasi ya Edah, akampa kalamu. Ndipo Cindy alipotaja jambo la mwisho, bila kujua uzito wake.

"Ni elfu tano na mia saba, mum. Zinarudi kwa namba iliyolipa, hiyo ya Wesley. Ofisi hairuhusu namba nyingine. Na bili mpya, pamoja na haya maelezo, tunamtumia yeye aliyelipa."

Edah aliweka kalamu chini.

Angeweza kuacha. Angeomba itolewe picha ya tumbo peke yake, na zile elfu tatu na mia tatu za msaidizi zibaki zilivyo. Kwa bei hiyo mwanawe angeendelea kulala vizuri Nairobi, akiamini kwamba kuna mtu aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Na mbele ya karatasi, angalau mbele ya karatasi, Edah angekuwa na mtu. Alikiri moyoni kwamba alimtaka mtu huyo. Kwenye bili mtu huyo alikuwa amekula sahani tisa, na Edah alitamani zingekuwa zimeliwa kweli.

Lakini hazikuliwa. Aliokota kalamu, akaandika jina lake lote, Edah Mideva, kwa mwandiko wa daftari la stoo.

Simu iliita alipokuwa hajamaliza hata kutoka langoni. Alisogea kando, karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi.

"Mama," alisema Wesley, "hawa watu wa kliniki wamenirudishia pesa."

"Ndiyo. Waliandika vitu ambavyo sikupata."

"Nimesoma." Nyuma yake zilisikika honi za Nairobi. "Wanasema hukuwa na mtu. Ni kweli?"

"Ni kweli, Wesley. Sikuwa na mtu."

Edah alifunga macho, akangoja. Alingoja kama alivyongoja kile kitabu cha wageni. Neno lolote lingetosha. Nitakuja Jumamosi. Pole. Hata kugombezwa angekubali, kwa sababu anayekugombeza angalau amekutazama.

"Sasa nakurudishia hizo zote," alisema Wesley kwa haraka. "Zikusaidie mbolea. Si msimu umefika?"

"Umefika."

"Haya basi, mama. Nitakupigia."

Pesa ziliingia kabla hajarudisha simu mkobani, elfu tano na mia saba kamili, bila kupungua hata shilingi. Edah aliufungua ujumbe, akausoma wote kama alivyosoma mchanganuo, mstari kwa mstari, akitafuta kile kilichokosekana. Kisha akanunua ndizi mbili, kwa sababu alikuwa amesimama hapo muda mrefu, na muuzaji alipomuuliza kama anazipeleka nyumbani kwa watu, akasema, "Hapana, ni zangu mwenyewe."