Vidole kwenye Ukingo wa Runinga

Kioo cha laptopu yangu kilipopasuka, niliiunganisha kwa waya wa HDMI na runinga niliyopewa na shangazi yangu, katika chumba nilichopanga mtaani Migosi. Kazi yangu ni kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha na wasifu ambavyo waombolezaji hupewa wanapofika nyumbani kwa marehemu. Nilijifunza peke yangu, na pengine ndiyo sababu naogopa sana kukosea. Kila kazi naipitia mpaka macho yanauma, halafu naipeleka kwa mchapishaji nikiwa bado sina imani nayo.

Runinga ile iliniongezea hofu. Ilikata kingo za kila kitu, hata saa ya kompyuta pale chini kulia ilionekana nusu tu. Niliwahi kuipunguza picha kwenye kompyuta ili itoshee, maandishi yakazidi kuwa na ukungu, kwa kuwa kompyuta iliipunguza na runinga ikaikuza upya. Nikaacha. Nikawa nakisia kilichoko ukingoni.

Mjane mmoja kutoka upande wa Kombewa alikuja mchana wa mvua kuikagua programu ya mumewe kabla haijachapishwa. Aliketi kitandani, mkoba mapajani. Nilimfungulia picha aliyonitumia, ikajaza runinga yote. Mumewe alikuwa amesimama uani, na nyuma yake, upande wa kulia, palikuwa na mlango wa jikoni, mweusi tititi.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe mama uko kwa hii picha?"

"Mimi niko kwa mlango. Msichana wetu alipiga hiyo picha na simu yake. Tulikuwa watatu tu boma nzima. Nyathina, mwanangu, unafikiri nimekuja Migosi na mvua kuangalia mlango?"

Nilidhani ni huzuni inayomsemesha. Tena, naona haya kulisema, nilikuwa nimekwisha kupanga kuukata mlango ule kwa sababu weusi wake uliharibu ukurasa.

"Hatuna picha ingine tuko wawili," akasema. "Ndugu zake wamepanga kila kitu, jeneza, hema, nani ataongea. Hii tu ndiyo niliomba."

Nikachukua rimoti. Nilipekua menyu ya picha mpaka nikapata chaguo la kuionyesha picha nzima bila kuikuza. Picha ilirudi nyuma kidogo pande zote. Saa ikatokea. Na ukingoni kulia, kwenye fremu ya mlango, vikatokea vidole vinne vimeishika mbao.

"Si nilikuambia," akasema, akacheka kidogo. "Mkono wangu huo."

Mlango wenyewe ulikuwa bado mtupu. Vidole bila mtu.

Nikaendelea. Runinga ilikuwa ikiipokea kompyuta kama sinema, ikibana rangi, ndiyo maana jina la marehemu, nililoliandika kwa herufi nyekundu, lilionekana limevuja. Nilibadilisha jina la tundu lile la HDMI kuwa PC, na herufi zikakaza. Kikabaki kiwango cha weusi. Kompyuta ilituma vivuli vyote, runinga ikahesabu vile vya chini kabisa kuwa giza tupu. Nikakiweka kwenye upana kamili.

Weusi ukalegea, ukawa kijivu. Ndani ya mlango akatokea mama huyu huyu, kitambaa kichwani, akimtazama mumewe mgongoni. Alikuwa ameshika sufuria kwa mikono yote miwili.

Mvua ilipiga mabati. Nilivitazama vile vidole kwenye fremu, nikatazama mikono kwenye sufuria, nikaanza upya kama mtu anayejumlisha hesabu isiyokubali.

"Rudisha vile ilikuwa," akasema.

Nikarudisha kiwango cha weusi. Akapotea, vidole vikabaki.

"Weka tena."

Nikaweka. Nikamwambia ukweli wa kazi: karatasi huzidisha giza, kwa hiyo ili aonekane ningelazimika kuung'arisha mlango wote, na vidole vile vingeonekana vizuri zaidi. "Lakini naweza kuvifuta, mama. Ni dakika moja."

Alisimama, akaisogelea runinga. Aliweka vidole vyake mwenyewe juu ya vile, akapima. Vilitoshana.

"Ukifuta huo mkono," akasema taratibu, "utajuaje ni mkono gani ndio wangu?"

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Ng'arisha," akasema. "Bora niko hapo na yeye."

Niliung'arisha. Kwa mara ya kwanza nilituma kazi kwa mchapishaji bila kuipitia tena, kwa sababu sikutaka kuhesabu mikono ile upya.