Barua Kuhusu Paa Linalovuja

Mvua ya Lodwar huja mara chache, lakini ikija huja na upepo mkali. Mwaka ule, dari za vyumba vyetu viwili vya kulala ziliingia madoa ya rangi ya chai, na doa la chumba cha watoto likafika kwenye taa.

Niliogopa kulalamika, maana jirani aliyelalamikia choo alikuwa ameambiwa ahame. Lakini umeme niliuogopa zaidi. Nilimwandikia mwenye nyumba barua, nikaeleza vyumba vilivyoharibika, nikaomba paa litengenezwe kabla mvua haijarudi. Nilimtumia kwa simu pamoja na picha, kwa kuwa anaishi Kakuma. Aliisoma, hakujibu. Kila pikipiki iliyosimama langoni ilinishtua; nilidhani imeleta notisi.

Mvua ilirudi. Kesho yake akatokea mwenyewe, pamoja na fundi.

"Ejok, mama," alinisalimia, uso umekunjamana. Nilimtazama mikononi, nikitafuta notisi.

Fundi alipanda juu ya mabati, akasema jua limekula mipira inayoziba matundu ya misumari, maji yanapitia hapo. Kisha aliingia chumba cha watoto, akaigusa dari kwa fimbo. Kipande kizima, kimelowa chapachapa, kikaangukia kitanda.

Mwenye nyumba alirudi nyuma mpaka ukutani. "Watoto wako wapi?"

"Shuleni."

"Wasilale humu mpaka tumalize," alisema, bado ameegemea ukuta.

Paa lilitengenezwa wiki hiyo. Hata hivyo, mawingu yakikusanyika, mimi huwahamishia watoto sebuleni.