Kipande cha Kioo Chini ya Daraja

Fundi wa madirisha alikuwa hatupi vipande vyake vidogo vya kioo. Alivitia kwenye kopo la rangi akamwekea mhandisi. Kila mwezi mhandisi alipita, akachagua vyembamba vya urefu wa kidole, akavifunga kwenye gazeti na kuvitia mkobani pamoja na tochi, kipimio cha nyufa na kichupa cha gundi. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Kioo. Wasiomjua walidhani anapenda kujitazama, kumbe hata shati lililochakaa kolani ni mkewe aliyemwambia avue.

Kioo hakinepi. Ukikigandisha juu ya ufa wa zege, upande huu na upande ule, ukaandika tarehe pembeni, basi siku ufa ukisogea hata kwa unene wa unywele, kioo kinapasuka. "Mtu anaweza kukwambia ufa huu ni wa zamani," mhandisi huyo, sasa marehemu, alikuwa akisema. "Kioo hakina ndugu wala bosi."

Alikuwa amestaafu serikalini na kufungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa. Mamlaka ya barabara ya wilaya ikampa kazi ya kukagua madaraja kumi na manne. Kumi na matatu yalikuwa na magonjwa ya kawaida, mifereji iliyoziba na kingo zilizogongwa. La kumi na nne, lile la mtoni kwenye njia ya machimbo ya mawe, ndilo lililomnyima usingizi.

Boriti zake mbili zilikuwa na ufa wa mshazari, pale zinapokalia ukuta wa ukingoni. Ufa ulio wima katikati ya boriti huonya kwanza. Boriti hunepa, watu wakaona. Ufa wa mshazari karibu na ukingo haubishi hodi. Ripoti ya miaka mitatu nyuma ilisema ufa ule una theluthi ya milimita. Kipimio chake kilionyesha karibu milimita nzima, na pete za chuma ndani zilikuwa zimeliwa na kutu. Akagandisha vioo viwili. Aliporudi baada ya siku tisa, vyote vilikuwa vimepasuka. Akagandisha vipya, akaenda kupiga hesabu siku mbili, akasali, kisha akaandika barua.

Aliandika: "Daraja hili lazima lifungwe mara moja kwa gari lolote ambalo uzito wake wote, gari na mzigo pamoja, unazidi tani tatu na nusu." Maneno "gari na mzigo pamoja" aliyapigia mstari, maana madereva hulitaja lori kwa kile linachobeba, si kwa uzito wake lenyewe. Akaongeza kwamba magari madogo yapite moja moja, katikati ya daraja. Kwamba boriti zitegemezwe kwa nguzo za chuma kutoka chini. Na kwamba zisimikwe nguzo fupi za zege kila upande, zikiacha nafasi ambayo gari la wagonjwa linapita na lori halipiti, kwa kuwa kibao peke yake hakijawahi kumshika dereva mkono.

Jumanne saa tatu na nusu asubuhi aliifikisha mwenyewe. Pale masijala alikuwepo karani ambaye wilaya nzima ilimwita Mama Muhuri. Aliiweka bahasha, imeandikwa kichwa cha barua kwa nje, juu ya meza yake, akauliza kama meneja yupo. Kabla hajajibiwa, mlango wa ndani ukafunguliwa na meneja akamwita, "Mhandisi, ingia! Ingia na hiyo barua."

Meneja aliisoma mara mbili. Alikuwa kijana kiasi cha kuwa mwanawe, na hakuwa mtu mbaya. Akachukua penseli, akazungushia neno moja duara.

"Mzee wangu, hili 'lazima' linaniua. Andika 'inapendekezwa'."

"Kwa nini?"

"Alhamisi malori yanaanza kupeleka mawe kwenye ujenzi wa hospitali ng'ambo. Wakubwa wameshatangaza. Njia ya kuzunguka ni kilomita arobaini na moja. Ukisema inapendekezwa, nakaa nayo, natafuta fedha za kutegemeza, mwezi ujao tunafunga taratibu. Ukisema lazima, natakiwa kufunga leo."

"Ndivyo nilivyokusudia."

"Basi iache hapa kama rasimu. Haijapokelewa, haijakataliwa. Nawe ukumbuke mwakani kuna madaraja mengine ishirini ya kukaguliwa."

Mhandisi aliondoka na nakala yake mkononi, haina muhuri. Ngazi alizishuka polepole, kwa sababu lile neno 'inapendekezwa' alikuwa amewahi kuliandika. Zamani, akiwa bado serikalini, aliandika kuhusu kalavati moja: "inapendekezwa lifungwe." Mvua ikaja, likaenda na pikapu na mtu aliyekuwa akirudi kwake. Mhandisi alikwenda mazikoni. Hakuna aliyemlaumu hata mmoja, maana alikuwa amependekeza. Kutolaumiwa kule alikubeba miaka kumi na tisa, na mkewe peke yake ndiye aliyejua ni kwa nini kila mwaka tarehe ile alifunga kula.

Nyumbani alimkuta shemeji yake sebuleni, kaka wa mkewe, amekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kudai. Alikuwa na malori sita, na yote sita ndiyo yaliyopewa kazi ya mawe. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Shemeji! Watu wote duniani wana madaraja, ukaona uanze na langu?"

"Karibu, shemeji. Umekunywa chai?"

"Chai itashuka wapi! Mwaka mzima nimeisubiri kazi hii. Wewe na nyufa zako! Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Haya, ziba! Saruji nitaileta mwenyewe, mifuko kumi, na maji ya kuchanganyia."

"Huu ukiuziba umeufunika macho tu."

"Dada," shemeji akageukia jikoni, "nilikwambia usiolewe na msomi. Angekuwa muuza vitunguu saa hizi tungekuwa tunacheka."

Mkewe alitokea mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alimtazama kaka yake, akamtazama mumewe. "Baba watoto," alisema, "mpeleke akaone. Mimi maneno yenu siyawezi, huyu damu yangu, huyu chakula changu cha kila siku."

Wakaenda. Ilikuwa kama saa kumi, jua bado kali. Walishuka ukingoni, mhandisi mbele, shemeji nyuma akilalamikia viatu vyake. Mhandisi alimsimamisha kando, kwenye mteremko, si chini ya boriti, akamulika tochi. Kioo kilikuwa pale, kizima, kimeandikwa tarehe ya juzi.

"Mbona kizima?" shemeji akasema. "Si uliapa daraja linakufa? Hata kioo chako kinakucheka."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Walilisikia lori kabla ya kuliona, gia ikishushwa, kisha mngurumo ukaingia juu ya daraja. Mchanga ulidondoka kutoka kwenye kiungo cha daraja. Boriti haikutikisika, wala hakukuwa na kishindo. Ilisikika sauti moja ndogo tu, tik, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti, na katikati ya kioo ukapita mstari mweupe.

Lori likavuka, likapiga honi. Shemeji alikuwa ameshika kifua cha shati lake.

"Hiyo honi," alisema polepole. "Ile honi ni ya lori langu. Nilimwambia dereva aijaribu njia leo, na mzigo nusu."

"Nusu," mhandisi akarudia.

Shemeji alipanda ukingo kwa mikono na magoti, akapiga simu palepale barabarani. Alimwambia dereva ashushe mawe, azungukie njia ndefu kurudi, na asimuulize kwa nini. Kisha akamgeukia mhandisi, uso umemkauka.

"Usiniombe nifurahi, shemeji. Malori yangu nayasimamisha mpaka kesho saa sita mchana. Barua yako isipopokelewa rasmi, kazi watapewa wengine, watapita hapahapa, na mimi nitabaki kuwa mjinga wa wilaya nzima."

Jumatano asubuhi mhandisi alikuwa kwenye benchi la masijala kabla mlango haujafunguliwa. Alikuwa na nakala ya barua, na kipande cha kioo ndani ya gazeti. Meneja alipita, akasema, "Mzee, nilikwambia ni rasimu," akaingia ndani. Saa tatu ikapita. Saa nne. Mhandisi alisogeza midomo bila sauti, akiomba. Saa tano kasorobo Mama Muhuri akavua miwani.

"Bwana Kioo, utatoboa benchi la serikali. Unangoja nini?"

"Muhuri, mama. Meneja anasema barua ni rasimu."

"Ameniambia na mimi. Isiingie kitabuni." Akakivuta kitabu kikubwa cha barua zinazoingia. "Ila ameniambia saa tano ya jana. Wewe uliiweka hapa saa tatu na nusu. Miaka ishirini na miwili, kitu kikigusa meza hii nakiandika kwa wino kabla ya mwenyewe kuondoa mkono. Mimi kazi yangu ni kuandika kilicholetwa. Kuchagua si kazi yangu."

Akageuza kitabu. Ilikuwepo, namba yake, tarehe ya Jumanne, na kwa mwandiko uliosimama wima: *Daraja la mtoni, kuzuia magari mazito.*

"Lete nakala yako." Aliiandika namba na tarehe ya kupokelewa, akagonga muhuri.

Sauti ya muhuri ndiyo iliyomtoa meneja. Aliinamia kitabu, akaufuata mstari ule kwa kidole.

"Jana?" aliuliza.

"Jana saa tatu na nusu," alisema Mama Muhuri.

Mhandisi alifungua gazeti, akaweka kioo mezani. "Na hiki kilipasuka jana saa kumi, lori likiwa juu, na mzigo nusu. Barua ilikuwa imeshapokelewa, mwanangu. Daraja lingeanguka, lingeanguka mkononi mwako. Mimi huko nimeshafika. Mbele ya Mungu hakuna rasimu."

Meneja alichukua simu ya mezani, akaita polisi wa barabarani, kisha karakana. Saa sita ilipofika, mapipa yaliyojazwa mchanga yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za daraja.

Daraja halikuanguka, na hilo ndilo lililompa marehemu tabu. Hospitali ilichelewa. Shemeji alipoteza kazi ile kwa sababu ya umbali wa njia ya kuzunguka, na mwaka mzima hakukanyaga pale nyumbani. Mapipa yalibadilishwa kwa nguzo fupi za zege, lakini fedha za nguzo za chuma za kutegemeza boriti zikawa za mwakani, na mwakani ikazaa mwakani nyingine. Watu walipomwona barabarani walisema, "Bwana Kioo, daraja lako bado limesimama!" Naye alijibu, "Alhamdulillah," akaendelea na safari.

Siku tuliyomzika, viti vilichelewa. Tuliwaketisha wazee juu ya mikeka na kusubiri. Lori la shemeji lilifika saa nane, limejaa viti na vumbi la njia nyingine kabisa. Mtu mmoja akamkemea: ile nguzo ya zege iligongwa ikaanguka wiki iliyopita, kila mtu anapita darajani, yeye kazunguka kilomita arobaini na moja na maiti inamsubiri?

Shemeji alikuwa anafungua kamba. Hakugeuka.

"Wapite," alisema. "Mimi nilikuwepo chini." Akamkabidhi dada yake kiti cha kwanza, akasimama kando yake mpaka alipoketi.