Robo Tatu

Nilisikia chaki kabla sijaona ubao. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya chuo chetu cha ualimu, na sisi wanafunzi tulisimama nje ya darasa, mikono kwapani, tukisikiliza mwalimu wetu wa hesabu akiandika alama ndani. Chaki ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Kila ilipolia nilijiambia: hiyo ni yangu.

Nilikuwa na sababu ya kutega sikio. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Kutoka Nkubu kwenda Embu ulihitaji pasi, na sehemu nyingi za nyumbani zilikuwa zimegeuzwa vijiji vyenye handaki kuzunguka na geti linalofungwa jioni. Chuo kilikuwa na nafasi moja tu katika shule ya mjini Meru, yenye chumba cha mwalimu na pasi ya kutembea. Angeipata yule atakayeongoza darasa. Wengine tungerudi kufundisha ndani ya mahandaki yetu.

Mshindani wangu alikuwa mmoja, naye alilala kitanda cha pili kutoka changu. Alitoka upande wa Embu. Alikuwa na sauti ya chini ambayo watoto wa shule ya mazoezi waliifuata kama mbuzi wanavyofuata chumvi. Mimi nilipaza sauti mpaka koo likauma, na bado walichungulia dirishani kumtafuta yeye. Nilimwonea wivu kwa ile sauti. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyokula uji bila haraka. Alipozuiliwa kwao katikati ya mwaka, akachimba handaki pamoja na kijiji chake na kukosa muhula karibu wote, alirudi na viganja vilivyopasuka, na wapishi wakaanza kumwekea ndizi ya ziada. Nikaionea wivu hata mipasuko ile.

Lakini alipokuwa kule akichimba, mimi nilikuwa nikichora. Kazi zangu za mwaka zilikuwa na ramani za rangi, insha zilizonyooka, mipango ya masomo iliyopigiwa mistari kwa rula. Kazi ya mwaka nilipata themanini na nane. Yeye alipata sitini na nne, kwa huruma, nilivyoona mimi. Ishirini na nne kati yetu. Nilizilalia alama hizo kama mto.

Kweli, mwanzoni mwa mwaka mwalimu alikuwa ametangaza kwamba zamani kazi na mtihani viligawana alama nusu kwa nusu, ila sasa, kwa kuwa wengi walikuwa wakizuiliwa huku na huku, kazi itahesabiwa robo na mtihani robo tatu. Nilisikia vizuri. Nilifikiri tu kwamba haijalishi. Thamani ya kazi ikipungua, inapungua kwetu sote. Aliye mbele atabaki mbele.

Mlango ulifunguliwa, tukaingia. Ubaoni niliona: mimi, kazi themanini na nane, mtihani sitini na nane. Yeye, kazi sitini na nne, mtihani themanini. Na pembeni, katika safu ya mwisho, mimi sabini na tatu, yeye sabini na sita.

Nikasimama. "Mwalimu, kuna kosa."

"Wapi?"

"Themanini na nane na sitini na nane ni mia moja hamsini na sita. Nusu yake sabini na nane. Yeye jumla yake ni mia moja arobaini na nne. Nusu, sabini na mbili. Mimi ndiye niko juu."

Nyuma yangu mtu aliguna. Mwalimu hakukasirika. Alininyooshea chaki, nami nikajua nimekwisha. Chuoni kwetu kulikuwa na desturi: anayepinga jambo la ubaoni hulifundisha yeye, mpaka darasa zima lielewe. Wengi walijifunza kunyamaza kwa desturi ile.

"Tufundishe," akasema, akaenda kukaa kwenye dawati langu.

Nikageukia ubao. Nilianza kwa kelele, kama kawaida yangu. "Wastani ni kujumlisha na kugawanya kwa idadi ya vitu. Vitu ni viwili."

"Mwalimu," akasema yeye, mshindani wangu, akiinua mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Watu wakacheka. "Mama akipika mahindi vibaba vitatu na maharagwe kibaba kimoja, chungu kina vibaba vingapi?"

"Vinne."

"Na wewe ukionja utasema ni nusu mahindi, nusu maharagwe?"

"Huyo nyumbani kwao hapiki," mwanafunzi mmoja wa Mikinduri akadakia. "Anachora chungu kwa penseli ya rangi."

Nilingoja kicheko kiishe. Kisha niliandika, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Mtihani ni vibaba vitatu, kwa hiyo alama yake inahesabiwa mara tatu. Sitini na nane mara tatu ni mia mbili na nne. Kazi mara moja, themanini na nane. Jumla mia mbili tisini na mbili. Gawanya kwa nne.

"Sabini na tatu," darasa likaitikia.

Nikaandika yake. Themanini mara tatu, mia mbili arobaini. Ongeza sitini na nne: mia tatu na nne. Gawanya kwa nne.

"Sabini na sita."

Ningeweza kukaa. Lakini wivu haukai, hutafuta tundu. Nikasema, "Tuone ningepata kazi ngapi ili nimshinde." Nikajipa tisini na tano, haikutosha. Nikajipa mia, alama kamili, kazi isiyo na doa hata moja. Mia na mia mbili na nne: mia tatu na nne. Gawanya kwa nne.

Sabini na sita. Tungelingana tu.

"Na mtihani?" mwalimu akauliza kutoka kwenye dawati langu.

Nikahesabu. Sabini na mbili ingetulinganisha. Sabini na tatu ingeniweka juu. Alama nne za mtihani zilikuwa na uzito sawa na alama kumi na mbili za kazi. Ramani zile zote, rangi zile zote, na nilichohitaji kilikuwa maswali mawili matatu niliyoyaruka kwa sababu nilijiona nimeshafika.

"Umefundisha vizuri," mwalimu akasema. "Leo hukupiga kelele."

Mshindani wangu alipewa pasi yake baada ya chakula cha mchana. Nilimkuta bwenini akifunga sanduku la mbao kwa kamba.

"Lile swali la maharagwe," nikamwambia, "ulilitunga lini?"

"Kule handakini. Nilikuwa nikihesabu kama bado naweza kukufikia." Akakaza fundo. "Nikaona naweza. Ndiyo hesabu iliyonifanya nisome."

Hata tumaini lake lilikuwa limepigiwa hesabu sahihi kuliko langu.

"Utakuja mjini kunitembelea."

"Kwa pasi gani, bwana?"

Alicheka kidogo, bila kunicheka. Akainua sanduku begani, akatoka. Mlango wa bweni letu haukushika vizuri. Ukiuacha hurudi wazi na ukungu huingia. Nilisikia hatua zake kwenye kokoto zikisimama, kisha zikirudi. Mkono wenye kiganja kilichopasuka ukaushika mlango, ukauvuta mpaka komeo likalia, ili mimi niliyebaki nisipigwe na baridi.