Nondo za Ghala la Haji Sadalla

Mume wangu Uweso alikuwa fundi mwashi hodari. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nitakayoyaeleza yatakufanya udhani vingine. Alizaliwa Kigombe, akafundishwa na mjomba wake kuchoma chokaa na kujenga kwa matumbawe, na tulipohamia Tanga mjini, huku Ngamiani, hakukosa kazi. Alikuwa mfupi, mikono mipana, na mbishi. Ukimwambia ukuta wake umepinda, atakuambia kilichopinda ni jicho lako. Nimekaa naye miaka thelathini na moja, nami Mastura si bubu, lakini kumshinda kwa maneno nilimshinda mara moja tu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Haji Sadalla, muuza kanga wa mtaa wetu, alichoka kusikia habari za wezi, akamwendea Asheri mhunzi, ambaye zamani alifanya kazi karakana ya reli. Akamwagiza madirisha mawili ya chuma kwa ghala lake la nyuma ya duka. Asheri hakufanya mchezo. Nondo sita kila dirisha, nene kama kidole gumba, zimefungwa kwenye fremu ya bamba zito. Kila fremu ikatoka na mikia minane ya kuzikwa ukutani, mkia mmoja shubiri nzima, ncha yake imepasuliwa na kutanuliwa kama mkia wa samaki ili ukishaingia usitoke. Watu walikwenda kuyatazama tu. Haji akazigonga nondo kwa fimbo yake, akasema atakayepita hapo labda awe moshi.

Kuyazika madirisha hayo ilikuwa kazi ya Uweso. Ramadhani ilikuwa kumi la mwisho, na Haji alitaka kazi iishe kabla ya Idi. Ukuta wa ghala ulikuwa wa kizamani, mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo, na juu yake lipu ya chokaa unene wa kidole. Ukiutazama utauona mgumu, kumbe ugumu wote ni ngozi. Ukuta wa namna hiyo hauna njia ya mkato. Kila tundu lichimbwe shubiri, liwe pana ndani kuliko mdomoni, udongo wote ukwanguliwe, tundu liloweshwe, kisha mkia ushindiliwe kwa saruji na vipande vya mawe. Halafu uache wiki nzima ukimwagia maji, asiguse mtu.

Matundu kumi na sita, kwa tindo na nyundo, na koo kavu. Uweso alichimba matatu. La nne akakuta jiwe lisilotaka kupasuka. Akaenda kuazima msumeno wa chuma, akaikata mikia yote, mmoja baada ya mwingine, ikabaki vidole viwili. Akaikita karibu na ukingo wa ukuta, kidole kimoja ndani ya lipu, kimoja ndani ya udongo, akapaka chokaa juu, pakapendeza. Alifika nyumbani hata Alasiri haijaadhiniwa. Mimi mjinga nikamsifu kwa wepesi wake, na jioni nikamkolezea uji wa pilipili manga. Alikunywa bila kuniangalia, nikadhani ni uchovu wa saumu.

Miezi ikapita. Mfungo Sita, Maulidi yakikaribia na kanga zikinunuliwa kama njugu, Haji alifungua ghala Jumatatu asubuhi akakuta majora kumi na tisa hayapo. Kufuli la mlango zima. Madirisha yamesimama mahali pake. Mlinzi wake alikuwa Methusela, Mshambaa mmoja mtaratibu, Mlutheri, aliyeacha kukata mkonge Maramba akaja mjini na mkewe Ruthi. Yeye hulala barazani mbele ya duka, na Haji kwa kumwamini alimwachia ufunguo wa ghala ili amfungulie mfagiaji alfajiri. Basi wema ule ukageuka kitanzi.

Sajini wa polisi alikuja akazishika nondo. Hakuna iliyokatwa, hakuna iliyopinda. Haji akamwita Uweso mbele ya watu, akamwambia, "Fundi, wewe ndiye uliyeyatia. Mwambie sajini."

Uweso akasogea dirishani. Baadaye aliniambia alichokiona: kuzunguka kila mkia palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na chini, penye kona, unga wa chokaa ambao aliyeufagia aliufagia upesi. Alijua pale pale. Dirisha lilikuwa limeng'olewa zima zima, watu wakapita, likarudishwa kwenye matundu yake kama kifuniko cha chungu.

"Nondo ni nzima," akasema.

Na kweli zilikuwa nzima. Sajini akamgeukia Methusela, akamtoa ufunguo mfukoni, akamchukua.

Siku tatu Uweso hakula chakula cha kueleweka. Nikimuuliza anasema tumbo. Siku ya Alhamisi Ruthi akaja kwetu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, macho yamevimba. Nilimkaribisha akakataa kukaa.

"Shikamoo, Baba Miraji," akamwambia mume wangu.

"Marahaba."

"Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza kwa kuwa wewe ni fundi. Methusela hakufungua mlango ule. Namjua. Kama hakufungua, mtu atapita wapi pengine?"

Uweso alitazama kikombe chake cha kahawa. Akasema polepole kwamba mambo ya polisi yana polisi wenyewe. Ruthi akangoja kidogo, akaona hakuna nyongeza, akashukuru. Alishukuru, jamani. Akaondoka.

Nilifunga mlango. "Sasa nambie," nikasema.

Akanieleza yote, tangu jiwe la tundu la nne. Sitadanganya, nilipandwa na hasira hata nikasahau kuwa ni mume wangu. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Yeye naye ubishi ukamrudia. Akasema mbona hakusema uongo, nondo si nzima? Akasema sajini hakumuuliza habari za mikia.

"Umesema kweli ya kumfunga mtu," nikamwambia. "Hiyo ni mbaya kuliko uongo."

"Nikisema, Mama Miraji, nani ataniita tena mji huu? Kila mwenye dirisha atadhani lake limekaa hivyo hivyo."

"Na mengine yamekaaje?"

Akakizungusha kikombe mkononi. Nikajua yapo.

"Mficha uchi hazai," nikasema. "Asikuite mtu. Mimi nitapika vitumbua, tutakula hivyo hivyo. Lakini Ruthi hatarudi mlangoni kwangu kunishukuru mara ya pili."

Akaimaliza kahawa yake. Kisha akasimama, na nilipomtazama usoni nikaona mtu aliyemaliza kupima. Akasema, "Kesho asubuhi. Nitahitaji mtaimbo."

Ijumaa asubuhi alimpitia Asheri, akampitia sajini, akaenda nao dukani. Mimi nikafuata, maana sikuwa na nia ya kuhadithiwa. Uchochoro wa nyuma ya ghala ulijaa watu. Uweso hakutoa hotuba. Alishika nondo za dirisha la kwanza kwa mikono miwili, akatikisa kushoto, akatikisa kulia, akavuta. Likatoka lote, akalilaza chini. Kwenye ncha ya mkia mmoja palikuwa pamenasa kipande cha kitambaa, nyekundu na nyeusi. Haji akakichukua, akakigeuza mkononi. Aliijua kanga yake.

Sajini alikuwa mtu makini. "Nitajuaje kama hukulilegeza wewe?"

"Bado la pili," Uweso akasema. "Hilo halijaguswa. Likague kwanza."

Sajini akalikagua, akalivuta, halikutikisika, chokaa haina hata ufa. Uweso akachomeka ncha ya mtaimbo katikati ya fremu na ukuta, akauegemea mara moja. Lipu ikabanduka, udongo ukamwagika, na dirisha la pili likatoka nondo zake zote sita zikiwa zimenyooka kama siku ya kwanza. Kwenye ukuta palibaki vitundu, ukivitazama utadhani ni kuku walioparura.

"Asheri alinipa mikia ya shubiri," Uweso akasema. "Nikaikata kwa uvivu. Nondo hizi zingeweza kumzuia tembo, lakini nondo haijizuii yenyewe, inazuiwa na ukuta. Mimi sikuipa ukuta. Mwizi hakuhangaika na chuma, alihangaika na vidole viwili vya udongo. Mwenye ufunguo hana haja ya kung'oa dirisha, Bwana Sajini. Mwachieni Methusela."

Asheri ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alizunguka madirisha yale akiigusa mikia iliyokatwa, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu wanawe waliojeruhiwa. Methusela akatoka kituoni kabla ya sala ya Ijumaa. Wezi wenyewe hawakupatikana.

Mji ulimcheka Uweso. Ile methali ya ufa na ukuta aliisikia sokoni, msikitini, hata kwa watoto. Akaacha waseme. Jumamosi alianza kuzunguka nyumba zote alizowahi kutia chuma, anabisha hodi, anaomba ruhusa avute dirisha kwa mtaimbo. Yaliyosimama aliyaacha. Yaliyotikisika, na yalikuwa matano, aliyatoa, akampelekea Asheri ayaungie mikia mipya. Penye udongo mwingi aliling'oa jiwe zima, akalijaza shimo zege, akauzika mkia humo, mbali na ukingo. Wengine walimfungulia kwa shukrani, wengine walimtolea maneno, na mzee mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Kesho yake alirudi kwa mzee yule yule. Mimi kweli nilipika vitumbua, karibu miezi saba.

Mtu mmoja hakulainika. Methusela alikataa kurudi kwa Haji, akapata kazi ya ulinzi kwenye nyumba za misheni. Wakikutana njiani, Uweso humsalimu, naye hujibu "Salama" akapita.

Miaka mitatu baadaye, Methusela huyo huyo akaja kwetu. Alikuwa amejenga vyumba viwili vya mawe, anataka mlango wa chuma.

"Mafundi wako wengi," Uweso akamwambia.

"Nakutaka wewe."

Nilikwenda na chai, nikawakuta kazini. Uweso alikwisha kuchimba tundu la bawaba ya juu, shubiri kamili, maana mlango si kama dirisha, kila unapofunguliwa huning'inia na kuvuta ukuta. Akakwangua, akapuliza vumbi, akaanza kukoroga saruji. Methusela akamzuia. Akakunja mkono wa shati, akautia mkono tunduni polepole, ukaingia mpaka kwenye kifundo. Akautoa.

"Nililala ndani siku nne kwa vidole viwili, Bwana Uweso," akasema. "Chimba."

Uweso akaweka mwiko chini, akaokota tindo, akachimba.