Hereni za Mama Elia

Kwa miaka ishirini na mbili Domitila, mama Elia, ameimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia hapa Bariadi, na mazoezi aliyakosa kwa uzazi tu au kwa mavuno ya pamba. Lakini siku kwaya ilipopigwa picha ya bango la jubilei, yeye alikuwa Malampaka akimuuguza dada yake. Mahali pake akasimamishwa Precious, msichana wa umbo lake. Mama Elia akaambiwa atume selfi, na Marcelo wa studio atabandika uso.

Akajipiga, mkono kaunyoosha, hereni mpya masikioni.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifika studio. Bango lilitakiwa kwenda kuchapwa saa sita.

"Mwangaluka, mayu," Marcelo alimsalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama, akageuza kompyuta taratibu, kama mtu anayefunua kidonda.

Kabula, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amekaa chini kwa kucheka. "Sisi tunaimba, wewe unanusa mboga za jirani!"

Domitila akanywea. Pua ilikuwa imetangulia, mashavu yamekimbilia nyuma. Ina maana miaka yote watu wananiona hivi? akawaza.

Marcelo akaipunguza pua. Akatokea wifi yake Domitila. Akatanua mashavu; akatokea mtu asiyejulikana ukoo wake.

"Muda unakwisha," Kabula akasema, sasa bila kucheka. "Abaki Precious na uso wake."

 Domitila alikuwa akiwatazama wenzake mmoja mmoja kwenye kioo cha kompyuta. Wote walikuwa na masikio.

"Marcelo, hereni zangu ziko wapi?"

Kijana akanyoosha mkono mbele ya uso wake. "Simu ilikuwa karibu mno, mayu. Kwa urefu wa mkono, pua iko karibu na simu kuliko masikio, kwa hiyo inakua, na mashavu yanayaziba masikio. Wale niliwapiga kwa lenzi ndefu, hatua thelathini. Huko mbali pua na masikio ni kama viko pamoja. Pua naweza kuipunguza. Masikio ambayo simu haikuyaona nitayatoa wapi?"

"Kwa hiyo uso wangu ni mzima?"

"Mzima kabisa. Kosa ni umbali."

"Basi chukua hiyo lenzi, nenda mbali!"

Wakasubiri hadi saa tatu, jua likae kushoto kama siku ya picha ya kwaya. Marcelo akavuka barabara, Kabula akimhesabia hatua kwa sauti, wakangoja ng'ombe sita wapite.

"Tabasamu, mayu!" akapaza sauti kutoka ng'ambo.

Safari hii uso ulikaa pale kama uliozaliwa pale, hereni zikining'inia. Kabula akauchungulia, akatafuta kosa, akakosa.

"Ila shingo ni ya Precious," akasema.

"Iache hivyohivyo," Domitila akajibu. "Ni nzuri kuliko yangu."